Jina la waifai lisilokutaja

"Nimehamia Ntinda. Waifai niiite nini, majirani wasijue ni ya nani?"

Ndugu, anza kwa kufuta jina la kiwandani. TP-Link_7A3C linamwambia mpita njia aina ya ruta yako, naye atatafuta udhaifu wake unaojulikana. Okello_Nyumba4 linamwonyesha hadi mlango. Mimi ningechagua mseto kama muhogo-63-ngazi, usiogusa ukoo, kazi wala mtaa wako.

Epuka pia jina lililozoeleka kama home. Katika WPA2, mfumo wa kulinda waifai, jina huchanganywa na nywila kutengeneza ufunguo, na kwa majina ya kawaida wadukuzi wana majedwali yaliyokwisha kukokotolewa.

Usilifiche: simu zako zitalitaja zikilitafuta. Mwenye programu ya kuchunguza mawimbi bado ataona mwanzo wa anwani ya MAC, yaani namba ya utambulisho wa ruta, ambao humtaja mtengenezaji, kwa hiyo sasisha programu ya ruta pia.