Midomo inayohama, maji ya bamvua na picha za kujazia

Tumempiga video mwimbaji wa mtaani kwetu kwa simu. Mwanzo midomo iko sawa, lakini ikifika kiitikio cha pili mdomo na sauti vimeachana kabisa. Tuanzie wapi? (Morogoro)

Midomo huhama kwa namna mbili, na kila namna ina dawa yake. Ikiwa imepishana kwa kiasi kilekile toka mwanzo hadi mwisho, unasogeza kipande fremu chache, basi. Yenu inazidi kuachana kadiri wimbo unavyokwenda, na hapo ninashuku mambo mawili.

La kwanza ni wimbo wenyewe. Je, uliopigwa kwenye spika siku ya kurekodi ndio huohuo mliouweka kwenye taimlaini? Maprodyuza wana tabia ya kurudi studio usiku na kugusagusa. Akipandisha kasi kutoka mapigo 92 hadi 93 kwa dakika, sikio halishtuki, lakini mwisho wa wimbo wa dakika tatu na nusu mdomo utakuwa umeachwa nyuma kwa zaidi ya sekunde mbili. Msipange siku ya kupiga kabla ya kukabidhiwa faili la mwisho.

La pili ni simu. Simu nyingi hazishiki idadi moja ya fremu kwa sekunde. Mwanga ukipungua inashusha kimyakimya, nawe unadhani ni 30 muda wote. Programu nyingine za uhariri huchanganyikiwa hapo. Pitisha vipande vyote kwenye HandBrake, chagua `Constant Framerate` kwa 30, ndipo uhariri. Safari ijayo tumia programu ya kamera inayofunga idadi ya fremu.

Kama huna hakika ni ipi kati ya hizo, acha kutegemea sikio. Tafuta neno lenye m, b au p, mathalani "mpenzi" au "baba", kisha simamisha picha sauti hiyo inapotoka. Midomo lazima iwe imefumba. Kagua neno la namna hiyo mwanzoni, katikati na mwishoni mwa wimbo, nawe utajua kama tofauti ni ileile au inakua.

Kamera ilikuwa ng'ambo ya barabara, spika miguuni kwa mwimbaji. Nimelinganisha sauti ya kamera na ya studio mpaka mawimbi yakalala sawasawa, lakini mdomo bado unatangulia. Kwa nini? (Mbeya)

Kwa sababu sauti inachelewa njiani, na picha haichelewi. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Kamera ikiwa mita 34 kutoka kwenye spika, inasikia wimbo kwa kuchelewa sehemu moja ya kumi ya sekunde, ambayo kwa fremu 25 ni fremu mbili na nusu. Ukilinganisha kwa mawimbi unaivuta na picha mbele kwa kiasi hichohicho. Sogeza kipande nyuma kwenye taimlaini, kiingie fremu mbili au tatu baadaye, halafu kagua kwa m na b kama nilivyosema. Kwa shoti za karibu tofauti hii huwezi kuiona.

Mwimbaji wetu anaona haya kuimba kwa sauti mbele ya watu. Si achezeshe midomo tu? (Kigoma)

Hapana. Asiyetoa sauti havuti pumzi, shingo haikazi, na mtazamaji anaona. Ongeza sauti ya spika mpaka asijisikie mwenyewe, na wapunguze watazamaji.

Kaka, nataka mwimbaji atembee polepole, nguo ipepee kama kwenye video za wakubwa, lakini mdomo uende na wimbo. Inafanyikaje? (Mwanza)

Mwimbaji anaimba haraka, kisha wewe unaipunguza kasi picha. Ukirekodi fremu 50 kwa sekunde na kuzionyesha kwa 25, kila kitu kinakwenda nusu ya kasi. Kwa hiyo siku ya kupiga, wimbo uchezwe mara mbili ya kasi yake. Kwenye Audacity tumia `Change Tempo`, weka `Percent Change` 100, uhifadhi faili la pembeni kwa ajili ya spika tu. Mwanzoni weka milio mitatu ya tii-tii-tii, ili mwimbaji ajue pa kuanzia.

Shida ni mdomo wa mtu. Wimbo wa polepole unaimbika kwa kasi maradufu, tena kwa mazoezi. Mashairi yaliyobanana hayaimbiki, na singeli ndiyo usijaribu. Kwa hao rekodi fremu 30, cheza wimbo kwa asilimia 120 (`Percent Change` 20), uonyeshe kwa 25. Upole ni mdogo, lakini nguo inapata uzito fulani unaopendeza, na mwimbaji hatoki jasho. Mimi naupenda huu kuliko ule wa nusu kasi, ambao ukizidi unamfanya kila mtu aonekane ana usingizi.

Tuna siku moja, wimbo wa dakika tatu na nusu, baraza la nyumba ya zamani na ufukwe. Tupangeje? (Tanga)

Angalieni mwezi kabla ya kuangalia kalenda ya mwimbaji. Pwani yetu, siku za bamvua, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hujaa mnamo saa kumi alasiri. Mkifika saa kumi na nusu mkitegemea jua zuri la jioni, ufukwe umemezwa, na kila baada ya dakika chache maji yamehama, hivyo shoti mbili hazifanani. Siku za maji mafu, saa hizo maji yako chini na hayaendi mbali. Hizo ndizo siku zenu. Mvuvi yeyote atawathibitishia.

Jua la mchana liko utosini na linageuza macho kuwa mashimo meusi, basi barazani muingie saa nane, kivulini. Pigeni wimbo mzima, toka mwanzo hadi mwisho, mara tatu: mwili mzima, kiunoni kwenda juu, na uso. Msikatize akikosea neno. Mhariri atachukua kutoka shoti nyingine. Kwa kubadili kamera, maji ya kunywa na poda, kila mara inakula kama robo saa.

Ufukweni anzeni na shoti pana. Mchanga bado hauna nyayo zenu, na jua bado lipo. Uso unaweza kupigwa hata jua likishazama, kwa taa ndogo, lakini harakisheni, kwetu giza haliji kwa hodi.

Picha za kujazia nipige zipi, na ngapi? Naishia kupiga maua na mawingu. (Dodoma)

Maua hayana kosa, ila hayafichi kitu. Picha ya kujazia ina kazi: kuziba pale mwimbaji alipokosea, au pale unaporuka kutoka barazani kwenda ufukweni. Kwa hiyo sikiliza wimbo na kalamu mkononi, uandike mahali pasipo na maneno, yaani mwanzo, kipande cha ala, na pumzi kabla ya kiitikio. Hapo ndipo zitakapokaa.

Kisha piga vitu vya mahali palepale, vyenye mwendo: mkono wa mwimbaji ukifunga kitasa, miguu ikivua ndara, kanga ikianikwa kwenye kamba ileile iliyoonekana nyuma yake. Kila moja ishike sekunde kumi hata kama utatumia mbili. Kumi kwa kila eneo zinatosha wimbo wa kawaida. Shairi likitaja chai usipige kikombe cha chai. Piga aliyeandaliwa chai hiyo akiwa hajafika, kiti chake kiko wazi. Na wimbo uwe unacheza kwenye spika hata hapo, maana mikono ya watu hufuata mdundo bila kuambiwa.