Ratiba ninayoitumia kudai madeni ya dukani

Kwa miaka kumi na moja nimekuwa na duka la rejareja Kihonda, Morogoro, na kwa miaka mitano ya mwanzo nilidai madeni kwa hasira. Nilikaa kimya mwezi mzima, kisha siku moja, msambazaji anapokuja kuchukua fedha zake na mimi sina, ninafungua daftari na kumpigia simu kila aliyemo. Mara moja nilifanya kosa ninalolijutia hadi leo: nilimwambia mtoto wa miaka tisa aliyetumwa chumvi, mbele ya wateja watatu, amwambie mama yake alete shilingi 46,000 zangu. Mtoto aliondoka bila chumvi. Fedha hizo sikuzipata, na familia ile ikaanza kununua kila kitu duka la ng'ambo ya barabara, hata kiberiti.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mdaiwa anayepita njia nyingine ili asionekane na mwenye duka ni hasara mara mbili, kwa sababu deni lake halilipwi na fedha yake taslimu inakwenda kwa mwingine. Kwa hiyo ratiba ninayoieleza hapa ina shabaha mbili zinazokwenda pamoja, yaani fedha irudi, na mteja aendelee kuingia dukani wakati deni bado lipo. Kila hatua inaisha kwa kiasi na tarehe, na tarehe hiyo inatokana na siku ambayo mteja anashika fedha, wala si siku ambayo mimi nina shida.

Ratiba huanza siku ya kukopesha. Zamani niliandika jina na jumla tu, na baada ya wiki tatu tukabishana kama ni mchele kilo tano au nane. Sasa ninaandika kila bidhaa, uzito na bei yake, ninamsomea mteja jumla, kisha ninamuuliza swali moja: "Fedha yako huingia lini?" Mtumishi wa serikali atakutajia siku za mwisho wa mwezi, mama ntilie hushika fedha kila jioni, na fundi wa ujenzi hulipwa Jumamosi. Jibu hilo ninaliandika pembeni ya deni, kisha mteja anatia saini. Kwa mama ntilie ninadai kidogo kidogo kila siku, kwani kumsubirisha hadi mwisho wa mwezi ni kumtafutia mzigo asioweza kuubeba. Mwalimu, kwa upande wake, kumkumbusha tarehe 10 ni kumchosha bure.

Nitaeleza hatua zilizobaki kwa deni la fundi mwashi mmoja, kwa sababu lilipitia karibu kila kona. Alichukua sembe kilo 10 kwa shilingi 18,000, mchele kilo 8 kwa 22,400, mafuta ya kula lita 2 kwa 12,000, sukari kilo 2 kwa 6,000 na mche wa sabuni kwa 3,600. Jumla ilikuwa shilingi 62,000, na ahadi ilikuwa Jumamosi ya wiki iliyofuata, siku ambayo mwenye nyumba aliyokuwa akiijenga angemlipa.

Siku mbili kabla ya ahadi, Alhamisi jioni, nilimtumia ujumbe: "Habari za jioni fundi, poleni na kazi. Nakukumbusha hesabu yetu ya 62,000 tuliyopanga Jumamosi. Ukipata nafasi pitia dukani, au tuma kwa namba hii. Asante." Ujumbe wa kabla ya tarehe haumwaibishi mtu kwa sababu bado hajakosea, na ndio unaofanya deni langu likumbukwe kabla fedha haijagawanywa kwingine. Ninatumia namba ileile ambayo wateja wanaijua, na ninaanza kwa salamu. Watu wameumizwa na mikopo ya kausha damu na ile ya kwenye simu, ambayo wakopeshaji wake huwatumia ndugu na marafiki ujumbe wa kumwaibisha mdaiwa. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo zilizokuwa zikiendeshwa bila leseni. Ujumbe wa dukani ukianza kwa vitisho, mteja atauweka katika kundi hilohilo na hataufungua tena. Jambo jingine dogo: mdaiwa simwambii atume "na ya kutolea". Makato hayo ninayabeba mimi, kwa sababu nimeona mtu akichelewesha 20,000 nzima kwa kukosa hela ya kutolea.

Jumamosi ilipita na fundi hakuonekana. Usiku ule sikumwandikia, na Jumapili pia sikumwandikia. Malipo ya ujenzi mara nyingi huchelewa siku moja au mbili, na anayedai usiku wa tarehe yenyewe huonekana alikuwa amekaa akihesabu saa. Jumatatu nilituma ujumbe wa pili, mfupi zaidi, ukiwa na swali badala ya ukumbusho: "Fundi, Jumamosi hatukuonana. Kuna lililokwama? Nijulishe tupange siku nyingine." Hakujibu.

Wiki ya pili ndiyo ya kupiga simu. Nilimpigia Jumatano saa moja usiku, maana mchana yuko juu ya jukwaa la ujenzi na mikono imejaa udongo, na mtu akipokea simu ya deni mbele ya wenzake atajibu kwa kiburi hata kama hakukusudia. Ninapiga mara moja tu. Isipopokewa ninajaribu kesho yake. Alipokea, akaniamkia, nikaitikia na kumuuliza hali ya nyumbani, kisha nikasema, "Fundi, najua mambo hayakwenda ulivyopanga. Jumamosi hii unaweza kuanza na kiasi gani?" Baada ya swali hilo ninanyamaza. Zamani nilikuwa ninajaza ukimya kwa kujisemea mwenyewe, "au hata wiki ijayo sawa tu," na mteja akashika hapohapo. Fundi alikaa kimya kidogo, akasema bosi wake amempa nusu, ataleta 14,000. Alileta kweli, likabaki deni la 48,000.

Anayetoa ahadi ya kiasi kidogo kinachotajwa ninamwamini kuliko anayesema "nitakumalizia zote tu mama, usijali". Kauli hiyo ya pili, ikirudiwa mara mbili bila tarehe, kwangu ni dalili kwamba fedha haipo na hata mpango haupo.

Wiki ya tatu ni ya kuonana ana kwa ana, na hapa mahali pana uzito kuliko maneno. Simwendei mtu nyumbani kwake jioni familia ikiwa imekaa, na simdai dirishani kwangu penye foleni. Nilimsubiri apite asubuhi kuelekea kazini, nikatoka nje ya duka na daftari mkononi, tukasimama kwenye ngazi. Nilimwonyesha ukurasa wake, tukagawanya 48,000 kwa Jumamosi nne, yaani 12,000 kila Jumamosi, na kila mmoja akabaki na nakala. Nikamweleza pia kwamba kwa muda huo sitamkopesha kipya, lakini fedha yake taslimu naikaribisha kama ya mtu mwingine yeyote, na kwamba akimtuma mtoto mkate, mtoto hatasikia neno la deni. Nadhani sentensi hiyo ya mwisho ilinisaidia kuliko nyingine zote, kwa sababu jioni ileile mwanawe alikuja kununua mafuta ya kupimwa.

Jumamosi ya kwanza alileta 12,000. Kila nikipokea malipo ninatuma ujumbe palepale, "Nimepokea 12,000, limebaki 36,000, ahsante," ili salio lijulikane kwa wote wawili. Jumamosi ya pili hakuleta. Wenye maduka wengi wanafika hapa na kufuta mpango mzima, wakidai deni lote kwa mkupuo mmoja, jambo linalomrudisha mdaiwa kwenye kujificha. Mimi nilisubiri hadi Jumatatu, nikampigia, nikamuuliza awamu iliyoruka ataigawanyaje. Jumamosi ya tatu alileta 16,000, likabaki 20,000. Iliyofuata 12,000, likabaki 8,000.

Kwa asiyejibu chochote hadi mwisho wa wiki ya tatu njia inabadilika. Wiki ya nne ninarudia kumtafuta ana kwa ana mara moja. Wiki ya tano ninaandika barua ya nusu ukurasa yenye tarehe, orodha ya bidhaa, kilicholipwa, kilichobaki na siku saba za kuja kuzungumza, ninampa mkononi na nakala yangu anaitia saini. Wiki ya sita ninamwomba balozi wa nyumba kumi au mwenyekiti wa mtaa atukutanishe, na ninamwarifu mdaiwa kabla ya kwenda, ili asisikie kwa watu. Polisi siendi, kwa sababu deni la unga ni madai na si jinai. Mahakama ya mwanzo ipo, ila kwa deni la 30,000 nauli na siku za kufunga duka zitazidi ninachodai, kwa hiyo njia hiyo nimeiweka kwa madeni makubwa yenye saini. Kubandika majina ya wadaiwa ukutani niliwahi kukufikiria, nikaacha. Anayesoma karatasi ile ni mteja mwema pia, naye anajiuliza jina lake litabandikwa lini.

Palipo na msiba au mgonjwa aliyelazwa ninasimamisha ratiba, ninaandika "imesimama" na tarehe ya kuianza tena. Bila tarehe hiyo deni husahaulika kwa wote wawili, na kulifufua baadaye huonekana kama uchokozi.

Kiasi cha chini ya 5,000 sikifuatilii zaidi ya simu moja. Kwa kilichozidi hapo ninajikumbusha hesabu ya sukari: kilo moja niliyoinunua 2,700 na kuiuza 3,000 ikiliwa bila kulipwa, inanibidi niuze kilo 9 nyingine kwa taslimu ili kuirudisha ile 2,700 tu.

Zile 8,000 za fundi zililetwa na mke wake, wiki ya saba tangu tarehe ya ahadi, zikiwa zimekunjwa ndani ya ile nakala ya karatasi yetu. Nikapiga mstari ukurasa wake mbele yake, nikaandika "imelipwa yote" na tarehe, naye akasema mumewe anaulizia kama anaweza kuanza tena. Nilimjibu kwamba anaweza, ila mwisho ni 25,000, na kabla sijapima mchele nikamuuliza Jumamosi gani.