Kabla hujaongeza tangazo jingine kwenye apu yako, liangalie kwanza bango la chini

Watu wakinifuata kuhusu matangazo swali huwa ni moja, mtandao gani unalipa vizuri. Mi huwa nawarudisha nyuma kidogo, nawauliza tangazo lako linatokea wapi na linatokea muda gani, kwa sababu hapo ndo pesa inapopotea na akaunti zinapoingia matatani, tena mara nyingi kwa kitu kidogo tu ambacho mwenye apu hajawahi kukiona kwa macho yake.

Chukua mfano wa apu moja ya Android ya kusoma hadithi ambayo niliwahi kuombwa niikague. Kila ukurasa ulikuwa na kitufe cha "Endelea" chini kabisa, na chini ya kitufe kuna bango la AdMob, mtandao wa matangazo wa Google. Kwenye simu ya mwenye apu kila kitu kilionekana safi kabisa maana intaneti yake ilikuwa na kasi, bango linafika kabla hajaanza hata kusoma. Sasa washa intaneti ya taratibu uone. Ukurasa unafunguka, tangazo halijafika, kwa hiyo sanduku la bango lina urefu sifuri na kitufe kimeshuka mpaka chini ya skrini. Msomaji anamaliza aya mbili tatu, kidole kinaenda kwenye "Endelea", na sekunde ileile tangazo linafika, kitufe kinarushwa juu, kidole kinatua kwenye tangazo. Anatupwa kwenye kivinjari, anakasirika, anarudi haraka.

Kwenye ripoti, hiyo kitu inaonekana kama neema, CTR, yaani asilimia ya matangazo yanayobofywa, iko juu, mapato yamepanda. Lakini mtangazaji analipia watu ambao hawakutaka kuja, na mtandao unaona mibofyo isiyoleta chochote. Kwa sera za AdMob mibofyo ya bahati mbaya inahesabiwa kwenye trafiki batili hata kama hukukusudia kumtega mtu. Wanaweza kukukata yale mapato, wanaweza kupunguza matangazo yanayoletwa kwenye apu yako, wanaweza kuweka hatua ya ziada ambapo mtu akigusa tangazo anaulizwa kwanza kama kweli anataka kwenda, na ikizidi akaunti inafungwa. Nasisitiza hili maana wengi wanadhani sera inawahusu wale wanaobofya matangazo yao wenyewe tu.

Dawa ya kwanza ni kutenga nafasi ya bango kabla tangazo halijaja. Mabango ya adaptive, yale yanayojipima kwa upana wa skrini, urefu wake unajulikana mapema, haupungui 50dp, na haupiti 90dp au asilimia 15 ya urefu wa skrini, ile iliyo ndogo. Kwa hiyo huna sababu ya kusubiri, unauliza ukubwa kisha unalipatia sanduku urefu huo mwanzoni kabisa:

```kotlin
val ukubwa = AdSize.getCurrentOrientationAnchoredAdaptiveBannerAdSize(this, upanaDp)
sanduku.minimumHeight = ukubwa.getHeightInPixels(this)
```

Na tangazo likikosekana usilifiche sanduku, liache tupu. Najua inauma kuona nafasi imekaa bure ila ukilifunga kitufe kinashuka, likija jingine kinapanda, umerudi palepale.

Dawa ya pili ni kukitoa kitufe pale. Hata kisipohama, kitufe kinachoguswa kila baada ya dakika moja kikikaa bega kwa bega na tangazo, kidole kitakosea tu, na AdMob wenyewe wanaonya kuhusu kuweka bango karibu na vitu vya kugusa. Kwenye ile apu tulikipeleka "Endelea" mwisho wa maandishi yenyewe, kinasogea na ukurasa, kina urefu wa 48dp na nafasi ya kutosha chini yake, alafu bango likabaki peke yake na mstari mwembamba juu yake. Kama ungependa kuona shida kwa macho, washa Show taps kwenye Developer options za simu, rekodi skrini huku intaneti ikiwa ya taratibu, kisha itazame ile video polepole. Tumia ID za majaribio wakati wote huo, kwa bango la adaptive ni `ca-app-pub-3940256099942544/9214589741`, usijaribu kamwe na matangazo halisi.

Tukija kwenye kasi, apu ileile ilikuwa inafungua Activity mpya kila ukurasa, na kila Activity inaomba bango lake. Bango kwa ndani ni WebView, linabeba picha na msimbo wake, linakula memori, kwa hiyo mtu akisoma kurasa kumi mfululizo anakuwa ameunda na kubomoa mabango kumi, na kwenye simu ndogo kusogeza maandishi kunakuwa kwa kukwamakwama. Tukabaki na Activity moja, bango moja, kurasa ndo zinabadilika ndani. Tangazo kujibadilisha unaachia mipangilio ya AdMob, ukitaka kuweka muda mwenyewe wanaruhusu, ila usipungue sekunde 30.

Kingine ni `MobileAds.initialize`, ilikuwa inaitwa kwenye thredi kuu apu ikiwa ndo inaamka. Ihamishie thredi ya nyuma, mtu aone kwanza ukurasa wake. Thredi kuu ikishindwa kujibu mguso kwa sekunde 5 Android inahesabu ANR, yaani apu imeganda, na Google Play wana mstari wao, asilimia 0.47 ya watumiaji wa siku wakikutana na ANR wanayoiona, apu inaweza kupunguziwa kuonekana dukani. Yaani tangazo linaweza kukupunguzia hata watu wa kuliona.

Mwenye apu alitaka pia tangazo la skrini nzima, na hapo mahali pake ni pale tu sura imeisha na mtu ametulia. Sio sura mpya imeshafunguka, anaanza mstari wa kwanza, ndo linamrukia, hilo Google Play wamelikataza waziwazi, sawa na lile lisilofungika baada ya sekunde 15. Na chanzo cha tangazo kuruka kwa kuchelewa karibu kila mara ni kuliomba dakika ileile unayotaka kulionyesha. Liombe mtu akiwa katikati ya sura, sura ikiisha kama lipo onyesha, kama halipo mwache aendelee, usimwekee kiduara cha kuzunguka asubiri tangazo. Likikaa zaidi ya saa moja bila kuonyeshwa limeshaisha muda, omba jingine.

Kila sehemu ipe ad unit yake, bango lake, skrini nzima yake, la sivyo ripoti inachanganya kila kitu na hujui mibofyo inatoka wapi. Ukishatengeneza tarajia CTR ya bango kushuka, na usiogope ukarudisha kitufe pale kilipokuwa, ile iliyoondoka ilikuwa vidole vilivyokosea. Na kwenye `onAdFailedToLoad` usiombe tangazo tena hapohapo, simu isiyo na intaneti itazunguka humo ikiomba na kukosa mpaka betri iishe. Weka kikomo cha majaribio, na kila jaribio lisubiri muda mrefu kuliko lililopita.