Kwa nini tovuti inakuomba kodi ya SMS wakati nywila umeiandika sawasawa

"Wakuu, kwenye simu naingia akaunti yangu bila shida. Nikiingia kwa kompyuta ya kazini naombwa kodi ya SMS kila siku, na nywila naandika sahihi, mashine ni ileile, kiti kilekile. Hawa jamaa wana shida gani? Kompyuta yangu hawaijui mpaka leo?"

Mkuu, nilisimamia mfumo wa kuingilia wa chama kimoja cha akiba na mikopo kwa miaka kadhaa, na malalamiko kama hili lako nilikuwa nayapokea kila wiki. Ni kweli, kompyuta yako hawaijui, na hawajawahi kuijua. Tovuti haioni mashine wala kiti. Inachotegemea zaidi ni alama ndogo iliyoiacha ndani ya brauza yako siku ulipothibitisha, yaani kuki. Sisi yetu ilikuwa inatumwa hivi:

```
Set-Cookie: kifaa=7c1e94ab; Max-Age=15552000; Secure; HttpOnly
```

Namba ile ndefu ni sekunde, sawa na siku 180. Katika siku hizo, kila brauza inapofungua tovuti yetu inairudisha ile alama, nasi tunasema, huyu tumeshamwona. Alama ikifutwa, hata kama mashine haijasogezwa kwenye meza, kwetu ni mgeni aliyebisha hodi leo.

Sasa kwa nini tuhangaike na alama wakati nywila ni sahihi? Jibu nililipata usiku mmoja nilipokuwa nasoma kumbukumbu za mfumo. Kulikuwa na majaribio ya kuingia kwenye mamia ya akaunti za wanachama, na kila akaunti ilijaribiwa mara moja au mbili tu. Anwani za mtandao zilikuwa zinabadilika karibu kila jaribio, nyingine za nchi ambazo hatuna mwanachama hata mmoja. Kufunga akaunti baada ya makosa matano hakukusaidia kitu, maana hakuna aliyefikisha makosa matano. Kilichonishtua ni kwamba baadhi ya majaribio yalikuwa na nywila sahihi kabisa. Mwizi hakuwa anabahatisha. Alikuwa na orodha ya barua pepe na nywila zilizovuja kwenye tovuti nyingine, akijua watu wengi hutumia nywila moja kila mahali. Kwa mfumo, mwizi mwenye nywila sahihi na mwenye akaunti wanafanana. Kinachowatofautisha ni mazingira wanayotokea.

Basi mfumo unapima mazingira na kuyapa pointi za hatari. Kila tovuti ina mizani yake, na nyingi hazitoi siri hiyo, lakini yetu ilikuwa hivi: brauza isiyo na kuki yetu, 40. Mtandao ambao mwanachama hajawahi kuutumia, 15. Nchi ngeni, 30. Jumla ikifika 50 tunaomba kodi, ikifika 80 tunazuia na kumtumia mwenyewe taarifa.

Chukua hali yako uipitishe hapo. Kwenye simu, kuki ipo, kwa hiyo hata ukihama kutoka wifi ya nyumbani kwenda bando unapata 15 tu, unapita. Kazini, tuseme brauza inafuta kuki kila jioni na ofisi inatoka kwa anwani inayobadilikabadilika: 40 na 15 ni 55, unaombwa kodi. Kesho hivyohivyo. Yule mwizi wa usiku alikuwa na 40, 15 na 30, jumla 85, na hakuingia hata akiwa na nywila mkononi. Ukiiangalia kuki peke yake utaona ndiyo iliyokuangusha wewe. Ingekuwepo, ungebaki na 15.

Mizani hii hukosea pia, na kosa letu kubwa lilitokana na mitandao ya simu. Toleo la kwanza lilikuwa linapima mwendo: umeingia kutoka mji gani, na baada ya dakika ngapi umeingia kutoka mji mwingine. Kwenye karatasi ilionekana hesabu safi. Wakaanza kupiga simu wanachama wa Mwanza, walimu hasa, wenye laini mbili. Asubuhi bando la laini ya kwanza linaisha, anahamia ya pili. Laini moja anwani yake inaonekana kuwa ya Dar es Salaam, nyingine ya Mwanza, na mfumo wetu ukaamini mama wa watu amesafiri zaidi ya kilomita 800 kwa dakika kumi. Akazuiwa, na siku ile alikuwa anahitaji pesa za ada ya mtoto. Ile simu bado naikumbuka.

Chanzo ni kwamba kampuni za simu huweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, na ramani za anwani huitaja mara nyingi sehemu yenye mitambo ya kampuni, si sehemu alipo mteja. Anwani hiyohiyo inaweza kuwa ya mtu wa Sumbawanga na wa Kariakoo kwa wakati mmoja. Tuliondoa hesabu ya mji kabisa, tukabaki na nchi, na tukaanza kukumbuka mitandao yote ambayo mwanachama ameshaitumia badala ya wa mwisho peke yake. Malalamiko yakapungua sana. Kwa maoni yangu, mtu yeyote anayejenga mfumo wa watu wetu na kuupa mji uzito mkubwa hajawahi kukaa na wateja wa bando.

Kuna mambo mawili ambayo kodi hii haiyazuii, na ni vizuri uyajue. La kwanza, programu chafu ikiingia kwenye kompyuta na kunakili kuki zako, mwizi anafika na alama yako mwenyewe, wala haulizwi. La pili ni yule anayekupigia akijifanya wa huduma kwa wateja na kukwambia usome namba iliyoingia kwenye simu. Namba hiyo imeingia kwa sababu yeye, dakika hiyohiyo, ameandika nywila yako sahihi kwenye tovuti. Kwa hiyo ukipata kodi bila wewe kujaribu kuingia, usimtajie mtu, na ichukulie kuwa nywila yako imeshajulikana. Ibadilishe siku hiyohiyo, na pia kila mahali pengine ulipotumia nywila hiyohiyo.

Turudi kazini kwako. Ingia, weka tiki kwenye sehemu ya kukumbuka kifaa kama ipo, kisha funga brauza yote na uifungue tena. Ukiombwa kodi hapohapo, brauza ndiyo inayofuta, au unatumia dirisha la faragha bila kujua. Kwenye Firefox nenda `about:preferences#privacy`, uangalie kama pana tiki kwenye `Delete cookies and site data when Firefox is closed`. Usipoombwa, zima mashine na uiwashe. Ukiombwa baada ya kuwasha tu, basi mtu wa IT ameiweka mashine irudi upya kila inapowashwa, na hapo hakuna utakachoweka kikabaki, zungumza naye. Kama hujaombwa hata baada ya kuwasha, lakini kesho yake ukaombwa, angalia kama ofisi inapitisha mtandao wake kwa VPN yenye anwani za nje ya nchi; kwetu 15 na 30 zisingefika 50, ila kila tovuti ina mizani yake.

Ila kama kompyuta hiyo mnaitumia watu wawili au watatu, usiweke tiki yoyote. Endelea kuandika kodi kila asubuhi, maana alama ikibaki pale, atakayekaa baada yako naye atahesabiwa kuwa ametoka kwenye kifaa chako.