Ukiniuliza habari nitasema nzuri

Wiki niliyofutwa kazi, jamaa tuliyezoeana alinikuta nikisubiri lifti mjini. "Niaje?" Nikamjibu ukweli: "Mbaya, bro. Wamenifuta." Yeye tayari alikuwa ameingia, kidole kiko kwenye kitufe. Akasema, "Poa poa, tutaongea," mlango ukafungwa.

Nilimkasirikia siku mbili nzima. Siku hizi naona kosa lilikuwa langu, kwa sababu hakuwa ameuliza kitu. Alikuwa amepiga hodi tu, na hodi hujibiwa karibu, hata kama ndani hakuna kiti.

Lugha yetu yenyewe imelipanga hivyo. Hujambo ni kama kusema "huna jambo?", na jibu limeshawekwa mdomoni: sijambo, sina jambo. Mgonjwa aliyelazwa naye hujibu sijambo. Mwaka 1923 mwanaanthropolojia Malinowski aliyapa maneno ya namna hii jina la kitaalamu. Kwake yalikuwa maneno ya kuunganisha watu, hata yasipobeba habari yoyote. "Nzuri" basi si uongo. Ni kama kupokea mkono uliokunjuliwa.

Anayetaka habari yenyewe huuliza mara ya pili, na hutaja kitu.

Mama mboga wangu wa Kayole nilimsalimu jioni moja. "Habari, mama?" "Nzuri tu, baba yangu." Hiyo "tu" ilinishtua kidogo, ingawa sikuitegemea sana, maana Nairobi nusu yetu tuko "nzuri tu" kila siku. Nilichokiona ni kisu. Kwa kawaida huyo mama hukata sukuma huku akiongea, uzi mwembamba, hatazami hata mkono. Siku hiyo alikata akasimama, akakata tena.

Kulikuwa na wateja wawili, nikanyamaza. Swali kama hilo mbele ya watu humlazimu mtu arudie "nzuri". Walipoondoka nikauliza, "Kijana alirudi shule Jumatatu?"

Sikumwuliza "kuna shida?", kwa sababu hilo nalo lina jibu lake tayari: hakuna. Nilitaja kijana na siku, mambo aliyokuwa ameniambia mwenyewe wiki iliyotangulia, ndipo akajua kwamba nilikuwa nimemsikiliza. Kisha nikanyamaza. Hapo ndipo wengi wetu tunapoharibu: kimya kikizidi kidogo tunakijaza na "lakini itakuwa sawa".

Akafunga sukuma kwenye gazeti, polepole. "Bado. Karo."

Angejibu "tunasukuma tu", ningelipa niende zangu. Swali la pili likirudishiwa jibu la mkato, mtu amekuambia hataki, na la tatu ni udaku.

Sikuwa na pesa ya karo ya mtu. Nilivuta kreti ya soda nikakaa, akanieleza hadi taa za barabarani zikawaka.