Kabla Hujaandika Jina Lake Mtandaoni

"Mama, shikamoo. Nimechoka kunyamaza. Picha za uso wangu uliovimba ninazo, na maneno nimeshayaandika. Kuna ubaya gani nikiziweka Instagram pamoja na jina la aliyenipiga?"

Marahaba, mwanangu. Nimeumia kusoma haya, na ninakuamini. Kukupiga ni kosa la jinai na una haki ya kusema. Ninachokuomba ni usianzie Instagram.

Katika maneno uliyonitumia, umeeleza alivyokupiga Jumamosi usiku, kisha ukaongeza kwamba ni mwizi na kwamba aliwahi kumpiga mwanamke mwingine. Kipigo kimekupata wewe mwenyewe; hayo mawili umeyasikia tu. Akikufungulia kesi ya kashfa, wewe ndiye utakayetakiwa kuthibitisha ukweli wa ulichoandika, naye ataliacha la kipigo ang'ang'anie la wizi. Isitoshe, kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinamhusu anayechapisha kwa nia ya kukashifu jambo analojua si la kweli, na adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Husemi uongo, lakini lalamiko lake tu laweza kukufikisha kituoni ukijieleza, ilhali mlalamikaji ni wewe. Hata ukificha jina lake, ukitaja ofisi na mtaa wake watu watamjua.

Linalonitia hofu zaidi ni kesi yako. Wakili wake ataweka chapisho lako kando ya maelezo utakayotoa polisi, na kama huku umeandika saa nne na kule saa sita, atasema unabadilisha maneno. Jirani aliyesikia ukilia ataulizwa kama alisikia kweli au alisoma mtandaoni. Naye mtuhumiwa, akishaonywa hivyo, atapata muda wa kuwapanga mashahidi wake.

Kwa hiyo kesho asubuhi, uvimbe ukiwa bado unaonekana, nenda kituo cha polisi chenye Dawati la Jinsia na Watoto, utoe taarifa, uandike namba ya RB na uchukue fomu ya PF3 uende nayo hospitali, daktari aandike alichokiona kwa macho yake. Ukizidiwa usiku huu, tangulia hospitali. Jumbe zake za kuomba msamaha ziache kwenye simu ileile, kwa sababu mahakama huangalia ushahidi wa kielektroniki ulivyotengenezwa na kutunzwa, na picha ya skrini peke yake hupingwa kirahisi. Picha za uso usizikate wala kuzing'arisha. Nitumie nakala kwa barua pepe, maana WhatsApp huzipunguza ubora. Kisha tutawaona mawakili wa TAWLA, ambao huwapa wanawake msaada wa kisheria, na maneno yako tuwaonyeshe kwanza wao.

Usilale huko leo. Njoo kwangu, au nenda kwa mama mdogo, na ukifika nipigie.

Mama yako