Saa inayoonyesha -3 usiku: Python na C zinapotofautiana kwenye baki

Swali: Shikamoo mwalimu. Natengeneza saa ya ukutani kwa Arduino Uno, iwekwe kwenye banda la wanunuzi wa dagaa hapa mwaloni Kirumba, na nataka isome kwa saa zetu za Kiswahili. Hesabu niliijaribu kwanza kwa Python kwenye laptop: `(3 - 6) % 12` ikaleta 9, yaani saa tisa usiku, sawa kabisa. Kwenye Arduino hesabu ile ile inaleta -3. Fundi mmoja kaniambia nizungushie `abs()` biashara iishe. Hii Arduino yangu ni mbovu? (Msomaji, Mwanza)

Jibu: Marahaba. Arduino yako ni nzima na Python nayo haijakosea. Kibovu hapo ni ushauri wa `abs()`. Kama umeshaiweka, iondoe kwanza, halafu tuendelee.

Nianze na hiyo `abs()`, maana swali hili la baki hasi huja mara kwa mara na karibu kila linapokuja kuna mtu ameshapewa dawa hiyo hiyo. Chukua saa yako na uipitishe usiku mzima kwa mkono. Saa sita kamili usiku, `h`, yaani saa kwa mfumo wa saa 24, ni 0. Sifuri toa sita ni -6, C inabakiza -6, `abs()` inafuta alama ya kutoa na unapata 6. Sahihi! Hapo ndipo fundi anapokuambia imepona. Sasa subiri saa moja ipite. `h` ni 1, tunapata -5, na ukuta unaonyesha 5 wakati ni saa saba. Saa nane inaonyesha 4. Saa tisa inaonyesha 3, saa kumi inaonyesha 2, na saa kumi na moja alfajiri inaonyesha 1. Yaani kuanzia usiku wa manane saa yako inatembea kinyumenyume, na hakuna hata mara moja inayoonyesha namba ya ajabu ya kumshtua mtu. Ile -3 ilikuwa inakusaidia, kwa sababu kila aliyeiona alijua kuna tatizo. `abs()` imeificha tu. Mbaya zaidi, saa 03:00 ukuta unaonyesha 3, na mtu aliyezoea saa za Kizungu ataapa kwamba iko sawa.

Na ni saa zipi zinazoharibika? Kuanzia 06:00 hadi 23:59, `h - 6` haiwi hasi, kwa hiyo C na Python zinakubaliana. Saa 18 kati ya 24 zote ni salama. Zinazobaki 6 ni zile za baada ya saa sita usiku, ambazo kwa biashara ya dagaa, samaki anayevuliwa usiku kwa taa, ndizo hasa mtu anazoitazamia saa. Ukiijaribu mchana mezani hutaliona kosa hata ukirudia wiki nzima.

Sasa sababu. Watu wengi wanadhani alama ya `%` ina jibu moja tu duniani, na lugha inayotoa jibu tofauti imekosea. Sivyo. Kugawanya namba kamili kunatoa vitu viwili kwa pamoja, jibu na baki, na viwili hivyo vimefungwa na sharti moja: namba inayogawanya mara jibu, jumlisha baki, lazima irudishe namba uliyoanza nayo. Lugha zote mbili zinalitii sharti hilo. Gawanya -3 kwa 12 na utapata -0.25, ambayo si namba kamili, kwa hiyo lazima uchague namba kamili ya jirani: 0 au -1. C inakata desimali na kuzitupa, ikielekea sifuri, kwa hiyo jibu ni 0. Python inashuka daima kwenda namba iliyo chini, kwa hiyo jibu ni -1. Baki linafuata lenyewe:

```
C:       12 * 0    + (-3) = -3
Python:  12 * (-1) +  9   = -3
```

Zote zimerudi kwenye -3. Tofauti imezaliwa kwenye jibu la kugawanya, na baki limebeba tu matokeo yake. Ndiyo maana katika C baki huchukua alama ya namba inayogawanywa, wakati katika Python huchukua alama ya namba inayogawanya.

Kwa C, huu ni utaratibu ulioandikwa kwenye kiwango cha lugha tangu 1999, na C++, ambayo ndiyo unayoiandika kwenye Arduino, iliuchukua mwaka 2011. Kabla ya hapo mtengenezaji wa kompaila aliruhusiwa kuchagua mwenyewe, kwa hiyo ukikuta kitabu cha zamani kinasema baki hasi "hutegemea mashine", hakikukosea kwa wakati wake. Leo -3 ni jibu sahihi la C kwenye kila kompaila inayofuata kiwango, na hakuna mpangilio wa kubofya ili libadilike.

Kwa saa yako dawa ni rahisi kuliko unavyodhani. Kwenye uso wa saa wenye nafasi 12, kurudi nyuma nafasi 6 na kwenda mbele nafasi 6 kunakufikisha mahali pamoja. Basi usitoe, jumlisha. `(h + 6) % 12` haiwi hasi kamwe, na kwa saa 03:00 inatoa 9 katika lugha zote mbili. Linabaki tatizo dogo kwamba saa kumi na mbili itasomeka 0. Hilo nalo linamalizwa kwa kusogeza hatua moja na kuirudisha mwishoni:

```c
int saa = (h + 5) % 12 + 1;
```

Usisubiri usiku kuihakiki. Zungusha saa zote 24 na usome zinavyotoka:

```c
for (int h = 0; h < 24; h++) {
  Serial.print(h);
  Serial.print(" ");
  Serial.println((h + 5) % 12 + 1);
}
```

Mistari ya 0 hadi 5 lazima itoe 6, 7, 8, 9, 10, 11 kwa mfuatano huo. Mstari wa 6 utoe 12 na wa 7 utoe 1. Mfuatano ukishuka badala ya kupanda, kuna `abs()` umeisahau mahali.

Pale ambapo huwezi kujua mapema utatoa kiasi gani, andika funksheni yako ndogo na uitumie kila mahali badala ya `%`:

```c
int modulo(int a, int n) {
  int r = a % n;
  return r < 0 ? r + n : r;
}
```

Inataka `n` iwe chanya, basi. Utakutana pia na `((a % n) + n) % n`, ambayo kihesabu iko sawa, lakini inagawanya mara mbili, na kwenye Uno ina mtego. `int` ya Uno inaishia 32767. Ukiwa na `n` ya 20000 na baki la 19999, jumla ya katikati ni 39999, imeshapita kikomo kabla ya ile `%` ya pili kuiwahi.

Dawa nyingine ya mitaani ni kubadili kigeu kiwe `unsigned` "ili kisikubali hasi". Kigeu kweli hakitakubali hasi, lakini namba haiponi kwa hilo. Kwenye Uno -3 inageuka 65533, na 65533 ukiigawanya kwa 12 inabaki 1, wakati ulitaka 9. Uvumi huu hauishi kwa sababu hila hiyo inafanya kazi `n` inapokuwa 2, 4, 8, 16 na kuendelea kwa kuzidisha mara mbili. Mtu akiiona inakubali kwenye orodha yenye nafasi 16, anaihubiri kwa kila mtu hadi kwa mwenye saa ya nafasi 12. Na ukiona ukuta unaonyesha 253, ujue matokeo yamehifadhiwa kwenye `uint8_t`: ni ile ile -3, imezunguka kwenye 256.

Sasa nitoke kidogo kwenye saa yako, maana wanaohamisha hesabu kutoka Python kwenda Arduino huangalia `%` wakasahau pacha wake, kugawanya kwenyewe. Tuseme umeweka kipimo cha kina cha ziwa gatini, sifuri ikiwa alama uliyoichora kwenye nguzo, na maji yanapanda juu yake au kushuka chini yake kwa sentimita. Unataka kuyapanga kwenye mafungu ya sentimita kumi kumi. Maji yakiwa 7 chini ya alama, Python kwa `-7 // 10` inayaweka fungu la -1. C kwa `-7 / 10` inayaweka fungu la 0, pamoja na maji yaliyo 7 juu ya alama. Fungu la sifuri katika C linameza kuanzia -9 hadi 9, vipimo 19, wakati mafungu mengine yana vipimo kumi kumi. Mchoro wako utakuwa na nundu katikati, na utaanza kulisingizia ziwa.

Kosa la ukoo huo huo ni kupima witiri kwa `n % 2 == 1`. Katika C, -3 inabakiza -1, haiwi 1 hata siku moja, kwa hiyo kila witiri hasi inahesabiwa shufwa. Andika `n % 2 != 0` na itakuwa sawa kwa C na Python.

Wala usihakiki hesabu ya C kwa Excel. `MOD(-3,12)` huko inatoa 9, kama Python. Ruby na Lua ziko upande huo pia, na Dart, ambayo vijana wengi wa programu za simu wanaitumia, nayo inatoa 9. Java, JavaScript, Go na PHP ziko upande wa C. Hata ndani ya Python yenyewe si kila mlango unaelekea upande mmoja: `math.fmod(-3, 12)` inatoa -3.0, na `int(-7 / 10)` inatoa 0 ambapo `-7 // 10` inatoa -1. Kabla ya kuhamisha hesabu yoyote yenye kutoa ndani ya `%`, iendeshe kwa namba hasi moja kwenye kifaa chenyewe kitakachoitumia.